Maneno ya Safu Nyekundu

Usiku ule Nabalayo hakulala. Alikaa ukingoni mwa kitanda na simu mapajani, kila baada ya dakika chache akiibonyeza kuona kama ina chaji, kama ina mtandao, kama pengine meseji imeingia bila kulia.

"Hiyo si maharagwe," mumewe Walubengo alisema kutoka chini ya blanketi. "Haiivi kwa kuangaliwa."

"Lala wewe."

"Nitalalaje na wewe umewasha taa ya simu machoni mwangu?"

Nabalayo alikuwa akimngoja Katunge amwambie kama mtoto yu hai.

Mtoto mwenyewe aliitwa Urbanus, wa mwaka mmoja na miezi miwili. Nabalayo ndiye aliyekuwa akimlea mchana, yeye na wenzake kumi, katika chumba cha mabati pale Lindi, mtaa wa Kibera jijini Nairobi. Siku hiyo saa kumi jioni Urbanus alishikwa na degedege mikononi mwake. Nabalayo aliwaachia watoto wengine jirani, akapanda boda boda akiwa na mtoto kifuani, na mpaka wanafika hospitalini alikuwa amepoteza kiatu kimoja bila kujua. Katunge, mamake mtoto, alifika saa kumi na mbili akiwa bado na aproni ya kazini. Alimchukua mwanawe, akamtazama Nabalayo kutoka kichwani hadi kwenye mguu ule mtupu, akaingia wodini. Tangu hapo hakuwa ameshika simu.

Meseji iliingia kukipambazuka. "Amefungua macho. Amenyonya. Usinipigie."

Nabalayo aliisoma mara tatu. Alimshukuru Mungu kwa sauti, Walubengo naye akaamka akashukuru, kisha lile neno la mwisho likaanza kumla. Alijua sababu. Katunge hakumkasirikia kwa ajili ya homa, maana homa hailetwi na mtu. Alimkasirikia kwa ajili ya meseji.

Nabalayo, Mama Wekulo kwa wenzake, alikuwa mama wa miaka arobaini na saba, mzaliwa wa Bungoma, aliyeacha shule darasa la saba. Alikuwa na macho ya kuona mtoto anayetaka kutapika kabla mtoto mwenyewe hajajua. Kazi hiyo aliifanya miaka tisa peke yake, akiwaambia wazazi mambo kwa mdomo mlangoni, mpaka mwanamke mmoja aitwaye Nyawira alipokuja na jina Kumbatio, la vituo vyake vya kulelea watoto. Nyawira alikuwa ameanza na chumba kimoja Kawangware. Sasa alikuwa na vituo saba, vitatu Kawangware na vinne Kibera, vyote vimepakwa rangi moja, na ofisi ghorofa ya pili pale Gatina, juu ya duka la vipuri. Kila mlezi alipewa simu ya kituo, akaambiwa awaandikie wazazi kila siku.

Hapo ndipo tabu ilipoanza. Walezi saba, waandishi saba, na kila mmoja na lugha yake. Mmoja aliandika "watoto watoke saa kumi na moja," mwingine "kufunga ni jioni," mwingine "pick up ni mapema leo," na mzazi mmoja wa Gatina alikuja saa moja na nusu usiku akaapa aliambiwa hivyo. Kituo kimoja kilijiita shule, kingine nasari, kingine "kwa Mama Wanza." Nyawira aliajiri msichana aitwaye Daisy anyooshe mambo.

Nabalayo hakumchukia Daisy. Alikiri hata kwa Walubengo kwamba kazi ya kwanza aliifanya vizuri. Daisy alikusanya meseji za wiki tatu kutoka simu zote, akazichapisha, akazikata vipande, akavibandika ukutani ofisini: vyote vinavyosema kitu kimoja vikakaa pamoja. Walezi walipoitwa waone, walicheka mpaka wakashika mbavu. Saa ya kuchukua mtoto peke yake ilikuwa imeandikwa kwa njia kumi na moja. Wakachagua moja, "saa ya kuchukua," na nambari ya saa mbele yake, basi. Kituo kikawa kituo. Yaya akawa mlezi. Karatasi ikatoka na safu mbili, ya kijani imeandikwa Tunasema Kila Mara, nyekundu imeandikwa Hatusemi Kamwe. Wiki mbili zilizofuata hakuna mzazi aliyechelewa kwa kutojua saa.

Laiti wangeishia hapo.

Kisha Ndinda, mlezi wa Gatina, mwanamke wa Kitui asiyemung'unya maneno, alimwandikia mzazi mmoja: "Kuja mchukue mtoto anatapika kila mahali na wengine wameanza." Yule mzazi akaipiga picha, akaitupa kwenye kundi la wapangaji wa ploti yao, na kufikia kesho yake familia tatu zilikuwa zimetoa watoto. Nyawira aliogopa. Akamwambia Daisy aongeze safu nyekundu. Ikaongezwa. Homa, kutapika, kuhara, kuanguka, damu, kulia, kuumwa: hatusemi kamwe. Mahali pa yote hayo, safu ya kijani: "anahitaji utulivu zaidi." Na mwisho wa kila meseji: "Tuko naye kwa upendo."

"Na akivunjika mguu?" Ndinda aliuliza kwenye kundi la walezi.

"Anahitaji utulivu zaidi," mwingine akajibu, na wote wakaweka vikaragosi vya kucheka.

Lakini waliitii karatasi, kwa sababu kila Ijumaa Daisy alisoma meseji zao na kuwapa alama kwa mia. Nabalayo, ambaye tangu darasa la saba hakuna aliyempa alama ya kitu chochote, alipata tisini na sita. Aliionyesha kwa Walubengo. Aliionyesha kwa jirani. Alibandika karatasi ile yenye safu mbili ukutani juu ya magodoro ya watoto, akawa anaitazama kabla ya kuandika, kama mtu anayetazama saa.

Siku ile ya Urbanus, saa sita mchana, kipima joto kilisema thelathini na tisa. Nabalayo alimvua fulana, akampa maji kidogo kidogo, akampangusa kwa kitambaa. Akampigia Katunge. Simu imezimwa. Alijua ingezimwa: Katunge alifanya kazi kwenye kiwanda cha kufua mashuka ya mahoteli huko Kilimani, na simu zao hufungiwa kabatini na msimamizi, hupewa saa saba, dakika ishirini, kisha zinarudi. Kwa hiyo meseji ilikuwa ndiyo njia. Nabalayo aliandika: "Mama Urbanus, mtoto ana homa kali, 39. Omba ruhusa uje sasa."

Akainua macho ukutani. Homa. Safu nyekundu. Akafuta.

Akaandika upya, na akaituma: "Mama Urbanus, leo Urbanus anahitaji utulivu zaidi. Tuko naye kwa upendo."

Saa saba na dakika tano jibu lilikuja. "Haha asante mama. Mpe busu." Wakati huo Nabalayo alikuwa akimbadilisha mtoto mwingine aliyejichafua mpaka mgongoni. Alipoliona jibu na kupiga, dakika ishirini zilikuwa zimepita na simu imerudi kabatini. Joto lilishuka kidogo, akajipa moyo. Likapanda tena. Saa kumi likawa degedege.

Basi Ijumaa aliwaachia watoto jirani, akaenda Gatina na mambo mawili moyoni: amwambie Nyawira aitoe homa kwenye safu nyekundu, na baadaye aende kwa Katunge akiwa na kitu cha kumwambia. Urbanus alikuwa ameruhusiwa Alhamisi. Daktari alisema ni nimonia iliyokuwa imeanza, na dawa zingemtosha. Nabalayo alizipata habari hizo kwa jirani. Katunge hakuwa ameandika tena.

Walezi wote saba walikuwepo, wamekaa kwenye viti vya plastiki. Nyawira alianza kwa maombi, akasema wamshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto, kisha akafungua daftari.

"Jambo la kwanza. 'Wazazi' au 'wazazi wapendwa'?"

Nabalayo alidhani hakusikia vizuri. Lakini ndivyo. Walijadili "wapendwa" dakika kumi na tano. Mmoja akasema lina adabu. Mwingine akasema linakaa kama barua ya kanisa. Daisy akasema likitumika kila siku litachoka. Wakahamia "marafiki wadogo," kwamba ndilo liwe jina la watoto kwenye mabango na meseji.

"Marafiki wa nani?" Ndinda aliuliza. "Jana mmoja amening'ata."

Wakacheka. Nabalayo hakucheka. Alikuwa akiangalia saa ya ukutani, akihesabu vitu alivyoweza kuwa anafanya: kukoroga uji, kuosha nepi, kumtazama mtoto mmoja wa kituo aliyekuwa akikohoa tangu juzi. Dakika ya ishirini na mbili ya marafiki wadogo alisimama. Hakuwa amepanga kusimama.

"Madam, naomba niulize."

"Uliza, Mama Wekulo."

"Daisy, mtoto wangu, soma meseji niliyomwandikia Mama Urbanus. Soma kwa sauti."

Daisy alibadilika uso. Alikuwa nayo kwenye kompyuta, kama meseji zote. Aliisoma.

"Umenipa ngapi?" Nabalayo aliuliza.

"Sijui kama ni muhimu sasa, Mama Wekulo."

"Niambie tu."

"Mia," Daisy alisema chini chini. "Ilikuwa haina kosa."

"Haya. Ndinda, wewe ni mzazi, uko kazini, unapata hiyo meseji. Utafanya nini?"

"Mimi? Nitafurahi. Nitasema leo mtoto amelala, hajasumbua mtu. Jioni ningenunua hata mkate nikienda nyumbani."

"Na wewe? Na wewe?" Nabalayo aliwaelekezea kidole mmoja mmoja. Hakuna hata mmoja aliyesema angeomba ruhusa. Mmoja alisema angedhani mtoto amekuwa mtundu, ametengwa kidogo. Nyawira hakuelekezewa kidole, lakini alikuwa ameweka kalamu chini.

"Niliandika homa," Nabalayo akasema. "Niliandika homa, thelathini na tisa, kuja sasa. Nikaangalia ukuta nikafuta. Mimi. Hakuna aliyenishika mkono. Mama wa miaka yangu, nimelea watoto kabla nyinyi hamjajua kuandika, nikaogopa karatasi kwa sababu nilitaka tisini na saba."

"Mama Wekulo, keti," Nyawira alisema. "Hakuna anayekulaumu."

"Najua. Ndiyo inaniuma. Anayepaswa kunilaumu hachukui simu."

Nyawira alivuta pumzi ndefu. "Lakini mwanielewe na mimi. Mnakumbuka ile picha? Familia tatu kwa siku moja. Nikirudisha hayo maneno, mtarudi kule kule. Anatapika kila mahali. Anachemka kama sufuria. Nyinyi nawajua."

"Mimi nilisema ukweli," Ndinda akasema.

"Ulisema ukweli wa watoto wa wengine kwa mzazi mmoja! Hiyo ndiyo ilikuwa shida, si neno kutapika."

Alipolisema hilo, Nyawira mwenyewe akalifunga daftari, kama aliyesikia alichokisema. Daisy alikuwa ameinamia kompyuta, akiandika haraka. Alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu, lakini alisema kwa utaratibu, na Nabalayo alimheshimu kwa hilo.

"Kosa langu ni kuweka karatasi moja kwa kazi mbili. Bango linamwita mzazi ambaye hatumjui. Meseji inamwambia mzazi wetu afanye kitu. Kwenye bango homa haina kazi, ibaki nyekundu hapo. Kwenye meseji, lazima iwepo. Lakini si kila mtu na yake. Tuchague neno moja la kila jambo, na tuandike ni kwa nini."

"Homa," Nabalayo akasema.

"Homa. Si 'joto jingi,' si 'anachemka,' si 'mwili moto.' Hayo ndiyo yaende nyekundu."

"Na nambari ya kipima joto."

"Na nambari." Daisy aliandika. "Na 'anahitaji utulivu zaidi'?"

"Nyekundu," walezi walisema kwa pamoja, hata wale ambao hawakuwa wamefungua mdomo tangu asubuhi.

Hapo kazi ikaenda, ingawa si kwa upole. Walibishana juu ya kuhara mpaka Ndinda akasema anatoka nje apate hewa. Walikubaliana meseji ya mtoto mgonjwa iwe na vitu vinne, kwa mpangilio huo huo siku zote: ana nini, tumempa nini, tunakuomba ufanye nini, na piga nambari gani. Jina la mtoto mwingine lisiingie kamwe. "Tuko naye kwa upendo" Nyawira aliipigania. Nabalayo akasema ikae, lakini kwa meseji za siku njema, maana mtu aliye kazini akiona upendo mwishoni anadhani hakuna haraka. Daisy aliweka tarehe juu ya karatasi mpya, akasema mwenye swali amuulize yeye, asijibadilishie mwenyewe, na kila mtu aing'oe ile ya zamani ukutani amletee, asije mtu akabaki na mbili.

"Kitu kimoja bado," Nabalayo akasema. Wenzake walikuwa tayari wamebeba mikoba. "Haya maneno tumeyachagua sisi. Yale ya kwanza pia tuliyachagua sisi, tukayapenda. Kabla hujachapisha, yasomewe mzazi. Mzazi aseme angefanya nini."

"Mzazi gani?" Nyawira aliuliza.

Wote walijua.

Katunge alikaa Lindi, vichochoro viwili kutoka kituoni, chumba cha tatu mkono wa kulia baada ya bomba. Nabalayo alifika Jumamosi mchana. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Kupitia mabati alisikia redio ikizungumza Kikamba kwa sauti ndogo, halafu kikohozi cha mtoto, kizito lakini chenye nguvu. Aliposikia hicho kikohozi alibisha.

"Hodi. Mama Urbanus. Ni mimi."

Redio ilizimwa.

"Sikuja kujitetea," Nabalayo akasema kwa mlango. Jirani aliyekuwa akianika nguo alisimama na shati mkononi, asikose kitu. "Niliandika homa nikafuta. Nilikosa. Nimekuja na karatasi. Tumebadilisha maneno. Nataka nikusomee, uniambie kama ni wewe uko pale kazini, ungekuja au hungekuja. Hiyo tu."

Jirani alitikisa shati.

"Mama, yuko ndani," jirani akanong'ona.

"Najua yuko ndani."

"Soma," sauti ya Katunge ikasema kutoka upande wa pili, karibu sana, kana kwamba alikuwa amesimama hapo muda wote.

Nabalayo alivaa miwani yake, ile ya mtumba, akaisogeza karatasi kwenye mwanga. "'Mama Urbanus. Urbanus ana homa, thelathini na tisa. Tumempa maji na tumempangusa. Tafadhali omba ruhusa uje sasa. Piga nambari hii.' Halafu inafuata nambari."

"Basi?"

"Basi."

"Mpaka saa saba ndiyo naiona." Sauti ya Katunge ilikuwa kavu. "Nitajuaje imeanza lini? Nikiisoma saa saba, nitadhani imeanza saa saba. Msimamizi akiniuliza, tangu saa ngapi, nitamwambia nini? Yule mwanamume haruhusu mtu kwa kitu cha dakika tano."

Nabalayo alitafuta kalamu kwenye mkoba, akaikosa, akaipata kwenye nywele. Alishika karatasi dhidi ya mabati akaandika kwa herufi kubwa: TANGU SAA NGAPI.

"Nimeandika," akasema. "'Ana homa tangu saa sita.' Hivyo?"

"Soma yote tena."

Aliisoma yote tena, polepole, na saa ndani yake.

Mtoto alikohoa, akalalamika kidogo, akatulizwa kwa maneno ya chini chini ya Kikamba ambayo Nabalayo hakuyaelewa.

"Hiyo," Katunge akasema, "ningekuja. Ningeacha hata mashuka kwenye mashine."

"Asante."

"Usiniambie asante."

"Sawa." Nabalayo alikunja karatasi. "Nafasi ya Urbanus kituoni iko. Jumatatu, au siku yoyote. Sitampa mtu."

Alingoja. Alisikia mkono ukishika komeo, kile chuma kikikwaruza kidogo ndani ya tundu lake, na akajipanga uso, akavua miwani. Jirani naye akashusha shati. Kisha mkono ukaachia. Nyayo zikarudi ndani, kitanda kikalia, na redio ikawashwa tena.

Nabalayo alisimama pale mpaka wimbo mmoja ukaisha. Mlango ulibaki vile vile.